Kura na KURA: orodha ya maneno katika unukuzi wa mikutano ya Eastlands

"KURA walikuja Mihang'o wakapima barabara, lakini kabla ya kura hakuna kazi itaanza." Sentensi ya aina hii husikika katika baraza lolote la wakazi kuanzia Kayole hadi Ruai, na aliyekuwepo haielewi vibaya. KURA ya kwanza ni mamlaka ya barabara za mijini iliyoundwa na sheria ya barabara ya mwaka 2007, ile iliyosimamia upanuzi wa Outer Ring Road. Kura ya pili ni ile ya uchaguzi. Ukiipitisha rekodi ya sentensi hiyo katika programu ya unukuzi, unaweza kupata kura mbili zenye herufi ndogo, au KURA mbili zenye herufi kubwa, na Mihang'o ikawa Mihango. Msomaji wa nakala hiyo ambaye hakuhudhuria atadhani wakazi walikuwa wakizungumzia wapiga kura waliokuja na kamba za kupimia.

Watu wanaohitaji nakala kama hizi Eastlands si wachache. Wapo watangazaji wa redio za mitaani kama Koch FM ya Korogocho, iliyoanza mwaka 2006; wapo makarani wa kamati za wakazi, watafiti wa makazi na afya, na wanafunzi wanaorekodi wazee wa Kaloleni na Shauri Moyo kabla majengo ya zamani hayajabomolewa. Mashine huwapunguzia saa nyingi za kuandika, lakini majina huwarudisha mezani. Ndiyo maana karibu kila programu ya unukuzi siku hizi ina mahali pa kuweka orodha yako ya maneno, ili mashine iyajue kabla ya kusikiliza. Ushauri unaotolewa mara nyingi ni kwamba ujaze humo kila jina unalolijua. Kwa mitaa ya Eastlands huo ni ushauri mbaya, na sababu yake imo katika majina yenyewe.

Kwanza tuangalie orodha inafanya nini, kwa kuwa wengi huidhania kuwa kamusi ambayo mashine huifungua kila inapotatizika. Sivyo. Programu ya unukuzi hugawa sauti katika vipande vifupi na kwa kila kipande hupima maandishi kadhaa yanayoweza kulingana nacho. Kila andiko hupewa alama kwa mambo mawili: linavyofanana na sauti iliyosikika, na linavyoelekea kufuata maneno yaliyotangulia. Lenye alama nyingi ndilo linaloandikwa. Jina kama Mihang'o hushindwa kwenye kigezo cha pili, maana mashine imeliona mara chache sana katika mafunzo yake, au haijaliona kabisa. Orodha yako huongeza alama za maneno uliyoyataja, basi. Haibadilishi kilichosikika, wala haijui Mihang'o ni mtaa. Kwa hiyo neno ulilolipandisha litapata nguvu kila mahali penye sauti inayokaribiana nalo, pawe pake au pasiwe pake.

Huduma mbalimbali hulitekeleza jambo hili kwa njia tofauti. Google hukuruhusu kukipa kila kirai uzito wa kati ya 0 na 20, na maelezo yao wenyewe yanatahadharisha kwamba uzito ukizidi, maneno yataanza kuandikwa mahali yasiposemwa. Microsoft hupokea orodha ya virai visivyozidi 500. Programu ya Whisper, ambayo wengi huipenda kwa sababu ni ya bure na inaweza kufanya kazi ndani ya kompyuta yako bila intaneti, haina orodha ya kweli. Ina nafasi ya maandishi ya utangulizi, na mashine huyachukua kana kwamba ndiyo yaliyosemwa muda mfupi kabla ya sauti inayoisikia. Huyaiga: yakiwa na Mihang'o yenye kibainishi chake, nayo itaelekea kuandika hivyo. Ukiandika humo "usikosee majina ya mitaa" hakutatokea lolote la maana, kwa sababu nafasi hiyo haipokei amri.

Sasa majina. Majina ya Eastlands yana makundi matatu, na kila kundi lina tabia yake mbele ya mashine.

Kundi la kwanza ni mitaa iliyopewa maneno ya kawaida ya Kiswahili: Bahati, Maringo, Umoja, Uhuru, Harambee, Huruma, Fedha. Haya mashine haikosei tahajia yake. Inachoweza kukosea ni herufi kubwa tu. Ukiyaweka katika orodha unanunua tatizo ambalo hukuwa nalo. Fikiria mkutano wa kamati inayohesabu michango: kila "fedha" itakuwa Fedha, mtaa ulioko Embakasi. "Watu wa Bahati walipata maji, sisi hatukuwa na bahati" itatoka na Bahati mbili, na hakuna programu ya kukagua tahajia itakayokuonyesha kosa, maana maneno yote mawili ni sahihi. Kundi hili lisiingie kwenye orodha hata kidogo. Herufi kubwa zitawekwa na mtu anayesoma nakala, na kazi hiyo ni ya dakika chache.

Kundi la pili ni majina yaliyotoka Kiingereza au kutoka vita vya wakoloni, yakapitia vinywani mwa watu: Kariokor, iliyotokana na kikosi cha wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia, Donholm, Mowlem, Eastleigh. Hapa mashine husikia sawasawa na kuandika vibaya, maana matamshi ya mtaani yameachana na tahajia ya ramani. Wakazi wengi husema Isili, mashine huandika isili, na anayetafuta Eastleigh katika nakala mia moja haipati. Orodha husaidia kidogo tu kwa jina kama hili. Ukiandika Eastleigh kwenye orodha, mashine italitarajia kwa matamshi inayoyajua yenyewe, yaani ya Kiingereza, huku mzungumzaji akisema Isili. Dawa ya kundi hili ni marekebisho baada ya unukuzi, ambayo nitayafikia.

Kundi la tatu ndilo linalostahili orodha: Kayole, Njiru, Ruai, Mihang'o, Saika, Kariobangi, Korogocho, Gikomba, Mutindwa, pamoja na mitaa iliyopewa majina ya watu kama Mbotela na Ofafa. Tom Mbotela na diwani Ambrose Ofafa waliuawa mwanzoni mwa miaka ya 1950, na majina yao yamebaki katika mitaa ambayo mashine huweza kuivunjavunja ikawa "ofa ofa" au jambo jingine lisilo na maana. Majina haya hutamkwa karibu kabisa na yanavyoandikwa, hayafanani na maneno mengi ya kila siku, na mashine huyakosea kwa sababu moja tu, kwamba haijawahi kuyaona ya kutosha. Hapo alama za ziada hufanya kazi iliyokusudiwa.

Tuchukue kazi moja tuifuate hadi mwisho. Tuseme una rekodi ya dakika 40 ya baraza la wakazi wa Kayole kuhusu barabara na mitaro ya maji ya mvua, na unatumia faster-whisper, toleo la Whisper linalokwenda kwa kasi zaidi. Hatua ya kwanza ni kuinukuu bila orodha yoyote. Wengi huiruka, nao hujikuta wakitibu ugonjwa ambao hawajaupima. Isome nakala hiyo huku ukisikiliza dakika 10, na uandike pembeni kila jina lililokosewa na lilivyokosewa. Mara nyingi utagundua kwamba Kayole imetoka sawa kila mara, kwa hiyo haina haja ya kuingia, na kwamba Mihang'o na Saika zimekosewa kila mara.

Hatua ya pili ni kupunguza. Nafasi ya maandishi ya utangulizi katika Whisper haizidi vipande 224, na kipande si neno. Mashine hukata maneno isiyoyazoea katika silabi na visehemu, hivyo jina kama Kariobangi hula vipande kadhaa huku neno la kawaida la Kiingereza likila kimoja. Kwa majina yetu, nafasi yote hujaa kwenye majina kama 40 au 50. Ukizidisha, hutapata onyo. Katika `initial_prompt` mashine hubakisha vipande vya mwisho na kutupa vya mwanzo, kwa hiyo yale majina uliyoyatanguliza kwa kuwa ni muhimu ndiyo yatakayopotea.

Kuna mtego mwingine hapo hapo. Whisper husikiliza sauti kwa madirisha ya sekunde 30. Maandishi ya `initial_prompt` huwekwa mbele ya dirisha la kwanza, na kadiri nakala inavyorefuka husukumwa nje na maneno mapya. Mtu hukagua dakika tatu za mwanzo, akaona Mihang'o imeandikwa vizuri, akaridhika, na kufikia dakika ya ishirini jina limerudi kuwa Mihango. Katika faster-whisper kuna sehemu ya `hotwords` ambayo huwekwa mbele ya kila dirisha, na kwa rekodi ndefu hiyo ndiyo ya kutumia:

```python
from faster_whisper import WhisperModel

model = WhisperModel("large-v3")
segments, info = model.transcribe(
    "baraza.wav",
    language="sw",
    hotwords="Mihang'o, Saika, Njiru, Ruai, Mutindwa, Kariobangi",
)
with open("baraza.txt", "w", encoding="utf-8") as f:
    for s in segments:
        f.write(s.text.strip() + "\n")
```

Majina sita. Si kwamba mengine hayatajwi katika baraza. Ni kwamba ndiyo yaliyokosewa katika nakala ya kwanza na wala si maneno ya kawaida.

Hatua ya tatu ni kupima, na hapa watu wengi hujidanganya kwa nia njema. Husoma nakala mpya, wakaona majina mengi yamekaa sawa, wakaisifu orodha. Lakini orodha ina madhara ya aina mbili ambayo hayaonekani kwa kusoma majina yaliyosahihishwa. Ya kwanza ni jina kuingia mahali lisipotamkwa, kwa mfano "rai" ya mzungumzaji anayetoa maoni kugeuzwa Ruai. Ya pili hutokea kwenye ukimya na kelele: watu wanapokaa, matatu inapopiga honi nje, mashine isiposikia usemi wowote huweza kuandika orodha yenyewe, majina yamepangwa kama ulivyoyapanga. Ukiona katika nakala mstari wa "Mihang'o, Saika, Njiru" wenye mikato, hakuna aliyesema hivyo. Mashine imerudia ulichoiambia.

Kwa hiyo pima pande zote mbili. Chukua dakika zile 10 ulizosikiliza, uhesabu majina yaliyotamkwa na yaliyoandikwa sawa kabla na baada ya orodha. Kisha chukua dakika nyingine 10 ambazo unajua kwamba hakuna hata jina moja kati ya yale sita, uzinukuu kwa orodha ile ile, na utafute majina hayo. Tuseme katika sehemu ya kwanza majina yalitajwa mara 20, na usahihi ukapanda kutoka 9 hadi 17. Hiyo ni nafuu kubwa. Katika sehemu ya pili ukikuta Ruai imejitokeza mara tatu, jina moja linakuharibia kazi, na hukumu yake ni rahisi: liondoe, bakisha matano, na urudie kipimo. Ni afadhali jina kukosewa kwa namna inayoonekana, kama "mihango", kuliko jina halali la mtaa kuandikwa mahali ambapo mzungumzaji alisema jambo jingine. La kwanza utalitafuta na kulirekebisha kwa mpigo mmoja, na la pili hutalijua mpaka urudie kusikiliza rekodi yote.

Sasa turudi kwa KURA, ambayo haimo katika yale majina sita, na haifai kuwamo. Ukiipandisha, kila mazungumzo ya uchaguzi yataharibika, na sijawahi kuona baraza la Nairobi lisilogusia uchaguzi. Shida hii inazikumba taasisi nyingine ambazo vifupisho vyake husomeka kama maneno: NEMA, mamlaka ya mazingira, hutamkwa karibu sana na neema. Hapa orodha imefika mwisho wa uwezo wake, na kinachosaidia ni sarufi ya Kiswahili. Mtu anapotaja taasisi kwa maana ya maofisa wake, hupatanisha kitenzi na watu: KURA walikuja, KURA wamepima. Kura ya karatasi hupatana kwa i na zi: kura imepigwa, kura zilihesabiwa. Tofauti hiyo inaweza kutafutwa katika nakala:

```
grep -noE "\b[Kk]ura wa(li|me|na|ta)[a-z]+" baraza.txt
```

Amri hiyo itakuletea namba ya mstari na maneno yenyewe, kama "kura walikuja". Nimeiandika ya kutafuta tu, si ya kubadilisha, na ni kwa makusudi. "Waliopiga kura walirudi nyumbani" nayo itanaswa, na ukiwa umeamuru mashine ibadilishe yenyewe, utapata wananchi waliopiga KURA. Na mzungumzaji akisema "KURA ilikuja", sarufi haitakusaidia. Hapo utasikiliza. Lakini kusikiliza mahali kumi au kumi na tano palipotajwa kwa namba ni kazi tofauti kabisa na kusikiliza dakika 40.

Marekebisho ya moja kwa moja yabaki kwa makosa ambayo hayawezi kuwa neno jingine. Ndiyo dawa ya kundi la pili, na ya majina yanayozidi kukosewa hata baada ya orodha:

```
sed -E "s/\b[Ii]sili\b/Eastleigh/g; s/\b[Mm]ihango\b/Mihang'o/g" baraza.txt > safi.txt
```

Mwongozo wangu ni kwamba kabla ya kuongeza badiliko lolote, litafute kwanza neno hilo katika nakala zako za zamani. Likitokea hata mara moja kwa maana nyingine, lisiingie. Na uamue tangu mwanzo kama unataka tahajia ya ramani au matamshi ya mzungumzaji. Kwa ripoti ya kamati, Eastleigh ni sawa. Kwa mtafiti wa lugha, au kwa anayehifadhi masimulizi ya vijana wanaosema Ololo wakimaanisha Kaloleni na Buru wakimaanisha Buruburu, kulibadilisha jina ni kumfuta mzungumzaji. Huyo aweke faili mbili, moja ya alichosema mtu na moja ya kutafutia, na asiichanganye moja na nyingine.

Kibainishi cha ng' kinahitaji neno lake, kwa kuwa kinasumbua kuliko herufi zote. Kompyuta ina alama mbili zinazofanana machoni: ' iliyonyooka na ’ iliyopinda. Programu za kuandikia nyaraka huigeuza ya kwanza kuwa ya pili bila kuuliza. Ukitayarisha orodha yako humo kisha ukainakili, Mihang’o ya orodha na Mihang'o ya nakala zitakuwa maneno mawili kwa kompyuta, na utafutaji wako utarudi mtupu huku jina umelitazama. Andika orodha katika programu ya maandishi matupu, na kabla ya kutafuta lolote geuza alama zote ziwe za aina moja. Hayo hayo yanawahusu kina Ng'ang'a na Ong'ayo.

Majina ya watu ni jambo jingine kabisa, na hapa orodha hushindwa kwa sababu ambayo hakuna mashine itakayoishinda. Tahajia ya jina la mtu haimo katika sauti yake. Katika Gikuyu herufi c hutamkwa kama sh, na familia moja huandika Wacuka na nyingine Wachuka. Wasomali wa Eastleigh wanaweza kuandika Hassan au Xasan, Abdi au Cabdi. Ukiweka namna zote katika orodha, mashine itachagua mojawapo kwa mazoea yake, na kwa aliyeitwa vinginevyo itakuwa imekosea kwa ujasiri. Chanzo cha kweli ni karatasi ya mahudhurio ambayo wenyewe wametia majina na saini. Kwa hiyo kwa watu, orodha isijengwe kutoka kichwani wala kutoka mikutano iliyopita. Ijengwe kutoka karatasi ya siku hiyo, ikae na rekodi hiyo moja, na isihamishiwe kwenye mkutano mwingine, la sivyo mtu ambaye hakuwepo anaweza kuandikwa kuwa alisema jambo.

Orodha ya watu ina uzito wa kisheria pia. Orodha ya majina ya waliohudhuria baraza la kupinga kubomolewa nyumba ni taarifa binafsi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019. Unapoiweka kwenye huduma iliyoko mtandaoni, unaipeleka kwenye kompyuta za kampuni nyingine, mara nyingi nje ya nchi, hata kama sauti yenyewe umeifuta. Orodha ya mitaa haina shida hiyo. Kwa sababu hiyo ni vyema ziwe faili mbili tangu mwanzo: ya mahali na taasisi, ambayo kamati inaweza kuigawa kwa yeyote na kuiboresha kila mwezi, na ya watu, ambayo hutumika kwenye kompyuta isiyounganishwa na mtandao na hufutwa nakala ikishakubaliwa na waliomo.

Faili ya mahali iwe na safu tatu tu: jina kama linavyopaswa kuandikwa, namna mashine ilivyolikosea, na alama ya kuonyesha kama limo katika orodha, katika marekebisho, au ni la kusikiliza kwa sikio. Mihang'o inaweza kuanza na alama ya orodha, Eastleigh ya marekebisho, na KURA, Bahati na Fedha ya kusikiliza. Toleo jipya la mashine likitoka, nukuu upya dakika zile zile 10 bila orodha kabla ya kuendelea. Baadhi ya majina yatakuwa yamejulikana na yatoke, maana kila jina lisilohitajika linachukua vipande vya jina linalohitajika.